Sehemu ya Pili ya Swali

Mke wangu alipopata sita kwenye kuandika, kosa lilikuwa langu. Nalisema hili mapema nisije nikalikwepa mbele ya safari. Yeye ni muuguzi, na wakati huo kituo chake cha kazi kilikuwa Mbeya. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, niko hapa Iringa, Kihesa. Alikuwa amefanya ule mtihani wa Kiingereza ambao muuguzi anayetaka kwenda kufanya kazi Uingereza sharti aupite. Kusikiliza, kusoma na kuongea walitaka saba, na zote akazipata. Kuandika walitaka sita na nusu. Akapata sita. Nusu tu jamani, na mwalimu wake mimi, niliyejipigia kifua nikamwambia asihangaike na vituo vya kusomea, kwani mume wake ana kazi gani.

Tulikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa, na tisa kati ya hiyo tuliishi mbalimbali. Aliomba uhamisho wa kunifuata mara nne. Mara hakuna nafasi, mara nafasi ipo ila hakuna wa kumpokea kazi kule, mara faili halionekani. Mimi nikaomba wa kumfuata mara mbili, nikachoka kabla yake, maana mimi hasira yangu iko karibu. Binti yetu alikaa nami akisoma hapa. Mama yake alikuja Jumamosi moja moja, zamu zikimruhusu, na mchele alioununua basi liliposimama Chimala. Jumapili baada ya ibada tulimsindikiza stendi. Ndivyo tulivyoishi, na tulizoea vibaya kiasi kwamba hata majirani hawakuuliza tena.

Siku aliponiambia habari ya Uingereza alikuwa anachambua mchele huohuo. Hakuinua uso.

"Kama ni kuishi mbali, mwalimu, basi niishi mbali kunakoeleweka," akasema. "Miaka mitatu minne, tumalize nyumba, mtoto asome. Wenzangu wawili wameshakwenda."

Nikacheka, nikamwambia huko baridi lake si la Mbeya hili la kuvaa sweta ukapona. Naye akacheka. Nikasema sawa, nitakufundisha. Ningejua, ningeuliza kitu kimoja palepale, lakini sikuuliza.

Sasa niueleze huo mtihani, maana kila kitu kilitoka hapo. Kwenye kuandika kuna kazi mbili, na ya pili ndiyo nzito zaidi. Unapewa dakika kama arobaini, unaandika insha ya maneno yasiyopungua mia mbili na hamsini. Na mara nyingi swali lake lina vichwa viwili. Wanakueleza jambo fulani linalotokea duniani siku hizi, halafu wanauliza: kwa nini linatokea? Na je, wewe unaona ni jambo jema au baya? Ukiangalia haraka utadhani ni swali moja lenye mkia.

Mimi niliangalia haraka. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi wangu insha ile ya kwetu: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Hoja sita! Mwanafunzi wangu akileta tano namrudisha kama mwenye deni la kuni. Basi nikampa mke wangu dawa hiyohiyo. Kwa nini linatokea? Toa sababu sita, kila moja na mfano wake. Na lile swali la jema au baya? Hilo, nikamwambia, liweke kwenye hitimisho, sentensi moja inatosha, pale unaagana na msahihishaji.

Akanisikiliza. Mke wangu ni mtu wa kufuata maelekezo kama yalivyoandikwa. Kila baada ya zamu ya mchana alikaa akaandika kwa mkono, akapiga picha kwa simu, akanitumia. Mimi nikazipeleka steshenari kuzichapisha, nikazishukia kwa wino mwekundu. Nakuhakikishia nilikuwa na furaha ya ajabu. Nikasahihisha nyakati, nikasahihisha viunganishi, nikaandika "safi" pembeni, nikampigia tukacheka makosa yake. Kwa miezi miwili tuliongea kuliko tulivyoongea miaka miwili nyuma. Na yote hayo nilikuwa namfundisha kufeli.

Matokeo ya mtihani ule hayakuambii umekosea wapi. Unapewa namba, basi, ubaki unaikodolea macho. Alinipigia akiwa wodini, akasema, "Sita." Kisha akasema, "Hewala, mwalimu, tutarudia." Hakunilaumu hata neno moja. Mimi ningelaumu.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwanzoni. Nilitafuta mtandaoni utaratibu wa kusahihisha, nikauchapisha, nikakaa nao chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Kumbe insha inapimwa kwa mambo manne, na yote yana uzito sawa: mpangilio, msamiati, sarufi, na la kwanza kabisa, kama umejibu ulichoulizwa. Hayo matatu tulikuwa nayo. Kwenye la kujibu swali, wameandika wazi. Ukijibu sehemu zote mbili lakini moja ukaishibisha na nyingine ukailambisha tu, unabaki kwenye sita, na ukiiacha kabisa unashuka zaidi. Ukitaka saba, sehemu zote zijibiwe, na msimamo wako uonekane toka mwanzo mpaka mwisho. Zile hoja zangu sita zilikuwa zinakula nafasi ya sehemu ya pili yote. Nilijiona mjinga, tena mjinga mwenye digrii.

Nikampigia palepale. "Mama, nimekuharibia. Sababu mbili zinatosha kwa sehemu ya kwanza. Mbili, ziwe nene. Halafu aya nzima, au mbili, ya sehemu ya pili."

"Aya nzima ya kusema ni vizuri au vibaya?"

"Na kwa nini."

"Haya, bwana," akasema.

Nilidhani tumemaliza. Nikampa swali: siku hizi wazee wengi wanaishi peke yao mijini, kwa nini, na je ni jambo jema au baya? Alileta sababu mbili safi kabisa, za mtu aliyewaosha wazee hao kwa mikono yake. Kisha ikaja sehemu ya pili, aya nzima kama nilivyoagiza: wapo wanaosema ni jema, kwa kuwa mzee anakuwa huru. Wapo wanaosema ni baya. Wataalamu watalitazama suala hili. Mwisho.

Nikampa swali lingine, la vijana kuchelewa kuoa. Wapo wanaosema. Wengine wanasema. Nikampa la watoto na simu. Wazazi wanasema, walimu wanasema.

Siku hiyo hasira ikanipanda. "Wewe unaonaje?" nikamuuliza kwenye simu. "Wanakuuliza wewe! Hawajamuuliza jirani!"

"Mimi ni nani, mwalimu?"

"Wewe ndiye mtahiniwa!"

"Usinipigie kelele, niko kazini." Akaisogeza simu, nikamsikia akimwelekeza mtu mlango wa maabara. Aliporudi alikuwa anaongea polepole, anavyoongea na ndugu wa mgonjwa. "Nisikilize. Miaka kumi na mitano naandika kwenye mafaili ya watu. Naandika nilichokiona, nilichopima, na alichosema mgonjwa. Mgonjwa anasema maumivu yamezidi. Ndugu anasema hakula. Siandiki kwamba mimi naona anadeka. Maoni ni ya daktari. Nikianza kuandika maoni yangu, zamu inayokuja itawatibu kwa maoni yangu. Sasa unaniambia niandike mimi naona, mimi naamini. Mkono unagoma."

Nilikata simu nikaanza kukumbuka, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo nilivyoingiwa na baridi. Nyumbani pia aliongea vilevile. Uhamisho: wanasema nafasi hakuna. Nyumba yetu tunayojenga: fundi anasema bati za rangi zinapendeza. Shule ya mtoto: walimu wake wanasema yuko vizuri. Miaka kumi na miwili mke wangu alikuwa ananikabidhi taarifa, kama wanavyokabidhiana zamu, na mimi ndiye niliyekuwa natoa maoni, tena kwa sauti. Sikuweza kukumbuka hata jambo moja kubwa ambalo alisema, mimi naona hivi. Na sikuwahi kumwuliza.

Basi nikafanya ujanja. Sioni haya kusema, ulikuwa ujanja wa mume, si wa mwalimu. Nikatunga swali langu mwenyewe, kwa Kiingereza kizuri, kwa mtindo wao: siku hizi wanandoa wengi wanaishi miji tofauti kwa sababu ya kazi. Kwa nini hali hii inatokea? Je, ni jambo jema au baya? Nikaongeza chini yake: sitaki "wapo wanaosema" hata moja. Nikatuma.

Kwa kawaida alinijibu kesho yake. Safari hii ikapita siku moja, ikapita ya pili. Nikaona nimemkera. Siku ya tatu, saa nne, walimu tukiwa tunakunywa chai ya mapumziko, simu ikaita mlio wa ujumbe. Kurasa mbili, mwandiko wake ule wa kulalia kulia.

Sehemu ya kwanza alitoa sababu mbili. Waajiri wanapanga watu kufuata upungufu wa vituo, si kufuata familia. Na pili, mwenza mmoja akiacha kazi kumfuata mwingine, familia inabaki na mshahara mmoja, kwa hiyo kila mmoja anabaki alipo akingoja mwenzake ahamishwe. Safi. Hapo hata mimi niliweka alama ya vema bila kufikiri.

Kisha aya ya tatu ilianza hivi, naitafsiri kama ninavyoikumbuka, na naikumbuka yote: "Mimi naamini hili ni jambo baya, na nalijua kwa sababu linanitokea. Mume wangu ni mtu mwema. Ninapofika Jumamosi ananifungulia mlango na kuniambia karibu. Mgeni ndiye anayeambiwa karibu. Ananipa kikombe kizuri. Nikipika inanibidi niulize chumvi iko wapi, kwa sababu wameihamisha, na hawakufanya vibaya, wao ndio wanaopika. Mtoto wangu akitaka ruhusa anamtazama baba yake hata kama aliyeulizwa ni mimi."

Aya ya nne: "Ubaya wa pili ni kwamba watu huzoea. Mwaka wa kwanza nililia kwenye basi mpaka Mafinga. Sasa hivi nalala usingizi mpaka Mbeya. Wengine wataona kuwa nimepona. Mimi naona kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa mkubwa. Sitaki kuzoea kuishi bila mtu ninayempenda." Na hitimisho, sentensi mbili, msimamo uleule.

Niliweka kikombe chini. Mwalimu mwenzangu wa hesabu akaniuliza kulikoni, nikasema macho yananiwasha, nikatoka nikasimama nyuma ya simtanki la maji. Miaka kumi na miwili nilikuwa na hamu ya kuambiwa maneno yale na sikujua kama ninayo. Nilimtamani siku ile kuliko nilivyomtamani siku ya harusi. Ningekuwa na gari ningeondoka na chaki mfukoni, niende nisimame mbele yake pale wodini nimwambie nimesoma.

Lakini insha ilikuwa inangoja alama. Alikuwa ameandika chini kabisa: mwalimu, hii ni ngapi?

Nilirudi ofisini baada ya vipindi nikaitoa ile karatasi ya utaratibu. Nilikuwa nataka iwe sita. Nasema kweli yangu, nilitafuta sita kwenye kurasa zile kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe safi. Ikiwa sita, hajawa tayari, tutaendelea miezi mingine, tutapigiana simu, pengine mwaka utapita, pengine uhamisho utatoka. Sehemu ya kwanza imejibiwa? Imejibiwa, kwa sababu zilizofafanuliwa. Ya pili? Kwa aya mbili zilizoshiba. Msimamo? Uko wazi toka utangulizi. Mifano ni yake mwenyewe, na mtihani unaruhusu hivyo, unaomba hivyo. Nikasoma mara ya tatu. Yale maneno niliyoyangoja ndiyo yaliyokuwa yanampa alama za kuondokea.

Nikaandika saba. Chini yake nikaandika: hivihivi, usibadilishe kitu.

Kuhusu chumvi na kuhusu karibu sikuandika neno. Nilijiambia mwalimu hajibu insha, anasahihisha. Jioni ile niliirudisha chumvi kwenye kabati la juu, alikokuwa akiiweka yeye zamani, na binti yetu akauliza baba vipi, nikamwambia aache maswali. Mama yake alipokuja wiki mbili baadaye aliinua mkono akaichukua bila kutazama. Kisha akasimama kidogo na kopo mkononi. Mimi nikajifanya naangalia mboga.

Akaenda Dar es Salaam kurudia mtihani. Alitoka nje akanipigia kabla hata hajavuka barabara. Swali lilikuwa la watu kununua vitu kwa simu badala ya kwenda sokoni. Kwa nini, na je ni jema au baya.

"Nimesema ni baya," akasema, anahema kwa furaha. "Aya mbili, mwalimu! Nimesema mimi naamini. Nimewapa mama wa Chimala anayenipimia mchele, anajua mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Simu itaniuliza mtoto?"

"Umemaliza na msimamo?"

"Nimemaliza nao." Akacheka. "Umeniharibu, sasa kila kitu nina maoni."

Matokeo yalitoka Jumamosi akiwa njiani kuja kwetu. Hakunipigia. Alifika, nikamfungulia mlango, na sikumwambia karibu, nilimwambia pole na safari. Aliweka mchele chini, akamtuma mtoto kwa jirani kuomba ungo, kisha akanipa simu. Saba, saba na nusu, saba. Kuandika, sita na nusu. Nusu yenyewe hasa iliyokuwa imepungua.

Nikamkumbatia, nikampongeza, nikapiga vigelegele vya kiume visivyokuwa na mpango, akaniziba mdomo majirani wasisikie. Kisha tukabaki tumesimama jikoni. Alivua kilemba akakikunja polepole, mara mbili, mara tatu.

"Sasa nakuuliza," akasema. "Niende? Wewe unaonaje?"

Nikamwambia mkuu wangu wa shule anasema nafasi kama hii haiji mara mbili. Nikamwambia kaka yangu anasema watu wanauza mashamba kuipata. Nikamwambia hata mama yake mwenyewe, nilipoongea naye, alisema mtoto wake aende tu, Mungu yupo.

"Hao wote nimewasikia," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Alikuwa ananitazama usoni, yeye ambaye mara nyingi huongea akiangalia mikono yake. Niliona wazi kwamba angechukua jibu langu lolote na kulifuata. Niliona pia kwamba alijifunza kuuliza vile kwangu, kwa kelele zangu za simu, miezi yote ile. Nikafikiria nyumba isiyo na madirisha, nikafikiria ada, nikafikiria wanaume wanaosemwa kwamba walizuia wake zao.

"Nenda, mama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ni jambo jema."

Aliendelea kunitazama, akingoja aya yake. Nilijua kinachokosekana kwenye jibu lile, hakuna anayejua kuliko mimi. Mtoto akarudi na ungo. Mke wangu akaupokea, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua mchele.

Ana mwaka na miezi minne huko sasa. Tunaongea kila Jumapili, ananieleza hali ya wazee anaowahudumia, nani amekula, nani amekataa dawa, na mimi namweleza ya shule. Anatuma picha za theluji. Tunasema tumezoea. Alikuwa amesimama pale jikoni na kilemba mkononi, akingoja niseme ninavyoona, na nilivyokuwa naona ni kwamba asiende, kwamba siwezi, kwamba nampenda. Nikamwambia nenda.